'Kwa muda unaohitajika' ni muda gani? Safari ya kuandika upya ilani ya faragha

Majuzi kijana mmoja anayesimamia duka la vifaa vya sola hapa Ogwedhi, kaunti ya Migori, alinijia na karatasi iliyokunjwa mara nne. Duka lake huuza taa na betri za sola kwa mkopo. Mteja hutoa arubuni, kisha hulipa kidogo kidogo kila siku kwa simu. Karatasi yenyewe ilikuwa ilani ya faragha kwa Kiingereza, na alitaka niitafsiri kwa Kiswahili. Soko la Ogwedhi huwakutanisha Wajaluo, Wamaasai, Abagusii na Abakuria, na lugha wanayouziana kwayo ni Kiswahili. Ombi lake lilikuwa la maana.

Niliketi nikaitafsiri kwa uaminifu wote. Aya ya pili, ambayo ndiyo moyo wa ilani, ilitoka hivi:

"Taarifa zako za kibinafsi, ikiwemo lakini si tu jina, nambari ya kitambulisho, mahali na mawasiliano ya wadhamini, zinaweza kukusanywa, kuchakatwa na kushirikishwa kwa wahusika wa tatu kwa madhumuni ya utoaji na uboreshaji wa huduma na kwa maslahi yetu halali, na zitahifadhiwa kwa muda unaohitajika kutimiza madhumuni hayo au kama inavyoruhusiwa na sheria."

Kisarufi, sentensi hiyo haina kosa kubwa. Ngeli zinakubaliana na vitenzi vimekaa mahali pake. Hata hivyo, nilipomsomea mama mmoja anayeuza nyanya mkabala na duka hilo, aliniacha nimalize, akapanga upya mafungu yake matatu ya nyanya, kisha akauliza: "Sasa Mwalimu, hawa watu wanataka namba ya shemeji yangu ya nini?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimetafsiri kila neno na bado sikulijua. Nilipomuuliza kijana wa duka, naye hakujua. "Wewe tafsiri tu, Mwalimu," alisema. "Hayo mengine ni ya wakubwa wa Nairobi."

Hapo ndipo nilipogundua kwamba shida ya ilani hizi tunaitafuta mahali pasipo pake. Hudhaniwa kwamba mteja haelewi kwa kuwa lugha ni ya kisheria, na kwamba ukiilainisha lugha ataelewa. Nyakati nyingine ni kweli. Lakini aghalabu ukungu ulio katika sentensi hufunika jambo ambalo mwenye ilani mwenyewe hajaliamua. Huwezi kuliandika waziwazi jambo ambalo halijaamuliwa, hata ukiwa bingwa wa insha.

Hebu tuirejelee ile aya. Kitenzi chake cha kwanza ni 'zinaweza kukusanywa'. Kauli ya kutendwa imemficha mtenda. Anayekusanya ni nani? Ni kijana wa dukani, ni fundi anayekuja nyumbani kufunga paneli, au ni kifaa chenyewe? Kitenzi kisaidizi '-weza' nacho kimeacha shaka juu ya tendo lenyewe. Mnakusanya au hamkusanyi? Mzazi akimwambia mwalimu mkuu kwamba karo 'inaweza kulipwa', hakuna risiti itakayoandikwa. Lakini kampuni inapomwambia mteja kwamba taarifa zake 'zinaweza kushirikishwa', anatarajiwa kutia sahihi.

'Ikiwemo lakini si tu' ni Kiingereza kilichovishwa kanzu. Maana yake ni kwamba orodha haijaisha, na kilichobaki mteja hataambiwa. 'Wahusika wa tatu' ni vivyo hivyo. Msikilizaji wa Kiswahili atajiuliza ni nani wa kwanza na wa pili, na huenda akahesabu watu watatu. Kama ni fundi wa kampuni nyingine, semeni fundi.

Neno 'taarifa' lenyewe lina mtego kwetu Kenya. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2022 inaitwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na huko neno hilo limekubalika vyema. Hapa kwetu wengi hulisikia kwanza redioni, katika taarifa ya habari. Yule mama alidhani 'taarifa zako' ni habari ambazo watu wanasimuliana juu yake. Si tafsiri mbaya sana, ukifikiria. Vyombo vya habari vyetu vimezoea 'data', na afisi inayohusika huitwa Afisi ya Kamishna wa Kulinda Data. Katika kichwa cha ilani, 'data' inafaa. Ndani ya ilani, mimi naona hatuhitaji neno lolote la jumla. Tukitaja jina, namba ya simu na picha ya kitambulisho, mteja ameshajua tunazungumzia nini.

'Faragha' nayo si 'siri', ingawa wengi huzichanganya. Siri ni jambo ninaloficha. Namba yangu ya simu si siri, imeandikwa hata kwenye kibanda changu. Lakini anayeichukua kibandani na kumpa mwenye kampuni ya kamari ameingia pahali pangu bila hodi. Hapo ameingilia faragha yangu bila kufichua siri yoyote. Ndiyo sababu jibu la 'kwani una nini cha kuficha' halijibu kitu.

Basi nilimrudishia kijana karatasi yake na kumwambia kwamba kabla ya kuandika neno moja tunahitaji kuhesabu. Tulichukua daftari la hesabu, tukaanza kuorodhesha kila kitu ambacho duka linachukua kutoka kwa mteja tangu anapoingia hadi anapomaliza deni. Kwa kila kitu tuliuliza maswali yaleyale: ni nini hasa, kinafanya kazi gani, nani anakiona, kinafutwa lini, na mteja akikataa kukitoa itakuwaje. Aliposhindwa kujibu alipiga simu kwa mkubwa wake. Alipiga simu nyingi siku hiyo.

Tulianza na 'mahali'. Neno hilo moja lilikuwa na maana tatu zinazowezekana. Linaweza kuwa jina la kijiji ambalo mteja analitaja kwa mdomo. Linaweza kuwa alama ya setilaiti ya boma lake, ambayo fundi huipiga kwa simu yake siku ya kufunga paneli. Linaweza pia kuwa ufuatiliaji wa kila siku wa mahali kifaa kilipo. La kwanza halimsumbui mtu. La tatu lingewakimbiza wateja wote hadi Kilgoris. Baada ya simu mbili tulipata jibu kuwa ni la pili: alama hupigwa mara moja, ili fundi wa matengenezo asipotee njia. Kifaa chenyewe hutuma kiwango cha betri na hupokea amri ya kuzima taa malipo yakichelewa, lakini hakitumi mahali kilipo. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichokuwa kwenye ilani. Mteja alikuwa akiambiwa 'mahali' na kuachwa akisie.

Kisha tukafika kwa shemeji.

Fomu ilidai namba za 'wadhamini' wawili. Katika Kiswahili, na katika sheria, mdhamini ni mtu anayebeba dhima. Ukishindwa kulipa, analipa yeye. Mama wa nyanya alilielewa neno hilo sawasawa, na ndiyo maana alikataa kutoa namba. Hakutaka shemeji yake adaiwe kwa ajili ya taa yake. Nilipomuuliza kijana kama kampuni huwadai wadhamini, alishangaa. "Hapana! Ni vile tu mtu akibadilisha laini, tumpate kupitia mtu wake." Yaani hawakuwa wadhamini hata kidogo. Walikuwa watu wa kumfikia mteja anapokosekana. Neno moja lisilo lake lilikuwa limewafukuza wateja waangalifu na kuwaacha wale wanaotia sahihi bila kuuliza.

Jambo hili lina uzito kuliko fomu ya duka moja. Mnamo Septemba 2023, Kamishna wa Data, Bi Immaculate Kassait, alitangaza faini ya Sh2,975,000 dhidi ya kampuni ya Mulla Pride, iliyokuwa ikiendesha programu za mikopo ya simu za KeCredit na Faircash. Kosa lilihusu majina na namba zilizopatikana kutoka kwa watu wengine, kisha zikatumiwa kutuma ujumbe wa vitisho na kupiga simu. Walioumia katika mikopo ya aina hiyo mara nyingi hawakuwa wamekopa chochote. Walikuwa tu katika simu ya mtu aliyekopa. Mashemeji, tuseme.

Kwa hiyo mtu wa kufikiwa naye ana haki ya kuambiwa, na hawezi kuambiwa na ilani iliyobandikwa dukani ambamo hajawahi kuingia. Tuliamua apelekewe ujumbe mfupi wa simu mara namba yake inapoandikwa. Ujumbe mfupi una nafasi ya herufi 160, pamoja na nafasi kati ya maneno, na ukizidi hapo unagawanywa na kutozwa mara mbili. Masharti hayo ni mwalimu mkali wa insha. Tulifikia huu:

"Habari. (Jina la mteja) ametupa namba yako ili tukikosa kumpata tukuombe umwambie atupigie. Hudaiwi chochote. Hutaki? Jibu ONDOA, tutaifuta."

Kumbuka kwamba ujumbe huo hautaji deni. Kampuni ikimwambia shemeji kiasi kinachodaiwa, hapo itakuwa imetumia namba kwa kazi ambayo haikuombewa. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, katika kifungu cha 25, inataka data ikusanywe kwa kusudi mahususi lililotajwa na isitumiwe kwa jambo lisilopatana na kusudi hilo. Hapa ndipo 'kwa madhumuni ya uboreshaji wa huduma' inapokosa kufaulu mtihani. Hakuna tendo lolote la kampuni ambalo haliwezi kuitwa uboreshaji wa huduma. Kusudi ambalo halikatazi kitu chochote si kusudi. Njia rahisi ya kulipima ni kugeuza nomino kuwa kitenzi na kumtaja mtenda: badala ya 'uboreshaji', nani atafanya nini na namba hii, siku gani? "Tutakupigia siku mbili kabla ya malipo yako kuisha." Hilo ni kusudi.

Tulipofika kwenye muda, daftari lilibaki jeupe.

Kifungu cha 29 cha Sheria hiyo kinaorodhesha mambo ambayo mteja anapaswa kujulishwa kabla data yake haijachukuliwa, miongoni mwayo haki zake, kusudi, watakaopokea data, na matokeo ya kukataa kuitoa. Muda wa kuhifadhi umewekwa mbali kidogo, katika kifungu cha 39, kinachosema data isiwekwe zaidi ya muda unaohitajika kwa kusudi lake, isipokuwa kwa sababu zilizotajwa kama vile matakwa ya sheria nyingine. Muda huo ukiisha, data ifutwe au iondolewe kila kinachoweza kumtambulisha mwenyewe. Waandishi wa ilani huyachukua maneno hayo ya sheria, 'muda unaohitajika', na kuyabandika kama yalivyo. Lakini sheria ilikuwa inatoa amri: hesabu muda unaohitajika. Kuirudia amri si kuitii. Ni kama mwanafunzi aliyeulizwa 'jumlisha' akaandika 'nimejumlisha'.

Nilimuuliza kijana fomu za mwaka jana ziko wapi. Alinionyesha boksi la majani ya chai chini ya kaunta. Ndani mlikuwa na nakala za vitambulisho vya watu, picha zao wakiwa wameshika taa, na namba za jamaa zao. Baadhi ya watu hao walikuja kuuliza bei tu na hawakununua kitu. Wapo wanaodhani sheria hii ni ya kompyuta pekee. La. Fomu za karatasi zilizopangwa kama kumbukumbu za wateja zimo ndani yake.

"Kwa nini bado mnazo?" niliuliza.

"KRA," alijibu haraka.

Jibu hilo ni nusu kweli, na nusu hiyo inahitaji kuangaliwa kwa makini, maana ndiyo kichaka ambacho biashara nyingi hujificha. Sheria ya Taratibu za Ushuru ya mwaka 2015 inamtaka mfanyabiashara atunze kumbukumbu zinazohusu kodi yake kwa miaka 5. Taasisi za fedha zinazobanwa na sheria ya kuzuia ulanguzi wa pesa hutunza kumbukumbu zao kwa muda usiopungua miaka 7. Lakini kumbukumbu za kodi ni za mauzo na malipo: nani alinunua nini, kwa bei gani, alilipa lini. Mtoza ushuru hahitaji picha ya mama akiwa ameshika taa. Hahitaji namba ya shemeji wala alama ya boma. Kusema 'tunahifadhi data yako miaka 5 kwa sababu ya sheria' ni kuichukua sababu ya kitu kimoja na kuivisha vitu saba.

Kwa hiyo kila kitu kilihitaji muda wake. Na muda unahitaji mambo mawili, urefu na mwanzo. Ilani nyingi zinazojaribu kuwa wazi hutaja urefu na kusahau mwanzo. 'Miaka 5' tangu lini? Tangu siku ya kutia sahihi, siku ya malipo ya mwisho, au mwisho wa mwaka wa hesabu? Kwa mteja anayelipa taa kwa miezi 18, tofauti si ndogo. Inafaa mwanzo uwe tukio ambalo mteja mwenyewe analiona, kama vile ule ujumbe wa simu unaomwambia deni limekwisha.

Baada ya siku tatu na simu ambazo sikuzihesabu, wakubwa wa Nairobi walikubali tarehe. Hatimaye nikaweza kuandika. Hii ndiyo sehemu kuu ya ilani ilivyotoka:

"Tunachochukua kwako, kazi yake, na siku tutakapokifuta.

Jina lako, namba yako ya kitambulisho na namba yako ya simu. Tunavitumia kuandika mkataba wako na kupokea malipo yako. Kitambulisho tunakiangalia na kuandika namba, hatubaki na nakala yake. Rekodi ya ununuzi na malipo yako tunaitunza miaka 5 kwa sababu sheria ya ushuru inatudai. Ukimaliza kulipa mwaka 2026, tutaifuta mwisho wa mwaka 2031.

Mahali boma lako lilipo. Fundi anapiga alama mara moja kwa simu yake siku ya kufunga paneli, ili fundi atakayekuja kutengeneza asipotee. Kifaa hakituambii uko wapi. Tunafuta alama hiyo dhamana ya kifaa inapoisha.

Namba ya mtu mmoja wa kukufikia. Si mdhamini. Hatumdai na hatumwambii deni lako. Tunampigia tu tukikukosa kwa siku 14. Mwambie kwanza kabla ya kutupa namba yake. Tunaifuta siku 30 baada ya wewe kumaliza kulipa. Ukimaliza tarehe 1 Juni, itakuwa imefutwa kufikia tarehe 1 Julai. Usipotaka kutoa namba hii, bado utauziwa taa.

Hali ya betri. Kifaa kinatutumia kila siku. Ndiyo inayotuonyesha kama kimeharibika. Malipo yakichelewa, tunaweza kukizima tukiwa mbali.

Ukijaza fomu na usinunue, tunaichana fomu yako baada ya siku 30.

Anayeona haya: wafanyakazi wa duka hili, afisi yetu kuu, na fundi aliyetumwa kwako. Fundi anaona jina, simu na mahali tu."

Chini yake tuliweka namba ya simu ya kuuliza, tukaeleza kwamba mteja anaweza kuomba kuonyeshwa kilichoandikwa juu yake na kukisahihisha kikiwa na makosa, na kwamba asiporidhika anaweza kulalamika kwa Kamishna wa Kulinda Data. Ruhusa ya kutumiwa matangazo ya bidhaa mpya tuliiondoa ndani ya maandishi na kuipa kisanduku chake cha kutia tiki, kikiwa kitupu. Mtu akikiacha kitupu, amekataa.

Wakosoaji watasema maneno yameongezeka. Yameongezeka kweli. Ile aya ya mwanzo ilikuwa na maneno yasiyofika 60, na hii ni zaidi ya mara tatu. Lakini ufupi si kipimo cha uwazi. Kwa nini tumeondoa picha ya mteja, namba ya mtu wa pili na nakala ya kitambulisho? Tulipojaza safu ya 'kazi yake' hatukupata cha kuandika. Mkubwa wa Nairobi alisema picha huchukuliwa 'kwa sababu tumekuwa tukiichukua'. Sentensi hiyo haikuweza kuingia kwenye ilani, kwa hiyo picha ndiyo iliyotoka. Hii ndiyo faida ya kuandika waziwazi ambayo sikuitarajia nilipokubali kazi ya kutafsiri.

Ilani ilipokamilika hatukuibandika. Tuliijaribu kwanza. Katika majaribio ya aina hii, swali la 'umeelewa?' halifai hata kidogo. Watu wetu ni waungwana, watajibu ndiyo ili wasikuaibishe. Tulimsomea mteja, tukaifunika karatasi, kisha tukamuuliza mambo ambayo jibu lake lazima litoke kwenye ilani. Tuseme umemaliza kulipa leo, namba ya ndugu yako itakuwa bado iko hapa Krismasi? Fundi akija kwako, atajua unadaiwa pesa ngapi? Ukikataa kutoa namba ya mtu, utanyimwa taa?

Watu watano walitosha kutuonyesha palipooza. Rasimu ya kwanza ilisema 'siku 30 baada ya kumaliza', bila mfano wa tarehe. Wawili kati ya watano walisema namba itafutwa mwezi mmoja baada ya kuchukua taa. Walikuwa wamesikia 'kumaliza' kama kumaliza kujaza fomu. Ndiyo sababu sasa kuna 'kulipa', na kuna tarehe 1 Juni na 1 Julai. Mzee mmoja aliyekuja kuuza ng'ombe aliuliza ni nani anayezima taa, mtu au mashine. Tulijua ni mtu wa afisi kuu ndiye anayebofya, lakini ilani ilikuwa imesema 'kifaa kitazimwa'. Ile kauli ya kutendwa ilikuwa imenirudia mimi mwenyewe, mwalimu wa lugha, bila kuniomba ruhusa.

Kuna ambayo ilani kama hii haiwezi kuyafanya. Haimlindi mteja dhidi ya mfanyakazi anayenakili namba kwenye simu yake binafsi. Haiwafikii wasiosoma, mpaka kijana wa duka akubali kuisoma kwa sauti, na wapo Wamaasai wazee wanaokuja sokoni ambao Kiswahili chao ni cha bei na ng'ombe pekee. Kwao tulikubaliana kwamba atakayesoma ataeleza mambo matatu kwa mdomo, akianza na mtu wa kufikiwa, kwa sababu hapo ndipo panapoumiza. Na tarehe zilizoandikwa ni ahadi. Mkubwa wa Nairobi aliniambia waziwazi kwamba alipendelea 'muda unaohitajika' kwa sababu hauvunjiki. Siku 30 huvunjika siku ya 31, na mteja anaweza kuhesabu.

Mama wa nyanya alisomewa ilani mpya Jumatano. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza kama anaweza kuandika namba ya dada yake badala ya shemeji, akaambiwa ni sawa. Alimpigia dada yake palepale, akamwomba ruhusa kwa Dholuo, kisha akaandika. Kabla hajaondoka alinyoosha kidole chini ya kaunta. "Na ile fomu yangu ya kwanza, ile niliyokataa kumalizia, iko wapi?"

Kijana alivuta boksi la majani ya chai, akaanza kutafuta.